Hukumu ya Picha Tano

Ilichukua dakika kumi na moja. Najua kwa sababu nilikuwa ndani ya kundi hilo la WhatsApp, na saa za ujumbe bado zinasomeka. Saa 3:42 usiku mwanakamati mmoja wa sendoff alituma picha tano za chupa ya waini nyekundu. Saa 3:53 mtu ambaye sijawahi kumwona akafunga mjadala: "Wadau, hii ni feki mchana kweupe. Duka liko Nyakato, tahadharini." Kati ya saa hizo mbili watu tisa walitoa maoni. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameishika chupa hiyo mkononi.

Duka hilo ni la mama yangu mdogo. Liko mtaa wa ndani, ukitoka Buzuruga kuelekea National, lenye nondo za buluu dirishani na friji mbili zinazonguruma kama zinagombana. Anauza soda, maji, bia, na rafu moja ya waini aliyoianzisha baada ya kuona kila harusi ya Mwanza siku hizi inataka chupa za kupanga mezani. Kamati ilikuwa imechukua maboksi manne ya chupa sita sita. Jumatatu asubuhi yalirudi maboksi matatu, na mteja hakutaka hata kusalimiana. Wiki hiyo hiyo kamati nyingine mbili zilifuta oda. "Mwanangu," aliniambia kwenye simu, "wewe ulifanya kazi ya vinywaji hotelini. Niambie ukweli. Nimeuza sumu?"

Nilikaa miaka minne nikitunza stoo ya vinywaji ya hoteli moja Dar es Salaam. Kazi yangu ilikuwa kupokea maboksi, kuhesabu, kukagua, na kukataa chupa mbovu kabla hazijafika kwa mgeni. Si mwonjaji wa kusifika, ila nimeshika chupa nyingi na nimevuta vizibo vingi. Nilizichukua zile picha tano na chupa mbili kati ya zilizorudishwa, nikaketi nazo jioni nzima. Ninachoandika hapa ni matokeo ya jioni ile, na ni malalamiko dhidi ya mtindo tuliojizoesha sisi vijana tuliosoma: kuhukumu kinywaji kwa picha, na kumhukumu pamoja nacho mtu aliyekiuza.

Mashtaka yalikuwa matano, kila picha na lake.

Picha ya kwanza ilionyesha utosi wa chupa, ile kofia ya foili inayofunika kizibo. Juu yake kulikuwa na vitundu viwili vidogo. Mchangiaji alivizungushia duara jekundu na kuandika: "Hapa ndipo sindano ilipopita." Watu watatu wakaweka alama ya kushangaa. Ni maelezo yanayosisimua, na ni ya uongo. Kofia ya foili huvishwa juu ya shingo ya chupa iliyokwisha kuzibwa. Hewa ikikosa pa kutokea, kofia hutuna na haikai sawa, kwa hiyo viwanda vingi hutoboa vitundu utosini tangu kofia inapotengenezwa. Sindano ya kupita kwenye foili ingelazimika pia kupita kwenye kizibo kizima cha sentimita nne, kisha mtu anyonye mililita 750 na kurudisha nyingine kupitia tundu hilo hilo. Afanye hivyo kwa chupa ishirini na nne zinazouzwa kwa bei ya kamati? Mwizi naye ana hesabu zake za muda.

Foili ina habari nyingine ambayo hakuna aliyeiuliza. Zipo kofia za bati, zinazovishwa na kubanwa kwa magurudumu ya mashine mpaka zinalala shingoni bila mkunjo. Zipo za alumini iliyobandikwa na plastiki, ambazo mara nyingi zina mshono wa wima. Na zipo za plastiki tupu, ambazo huvishwa zikiwa pana na kupashwa joto mpaka zinasinyaa. Waini za bei yetu nyingi huvaa hizi za mwisho. Mtu yeyote mwenye kofia mpya na mvuke wa birika anaweza kuvalisha chupa kofia ya namna hiyo, na ikakaa vizuri kabisa. Kwa hiyo swali la maana kuhusu foili ya plastiki si kama ina vitundu. Swali ni kama iliwahi kuvuliwa, na hilo picha ya utosi haiwezi kulijibu.

Picha ya pili ilikuwa ya matako ya chupa mbili zilizowekwa sambamba. Namba zilizochomoza kwenye kioo hazikufanana: moja ilisoma 14, nyingine 31. "Kiwanda kimoja, boksi moja, namba tofauti. Jibuni wenyewe." Nilijibu mwenyewe, ingawa nilichelewa. Mashine ya kutengeneza chupa huwa na kalibu nyingi zinazofanya kazi kwa pamoja, na kila kalibu ina namba yake. Chupa zikitoka na kasoro, fundi hutazama namba akajua ni kalibu ipi ya kurekebisha. Chupa hizo huchanganyika kwenye mkanda kabla hazijajazwa. Boksi la chupa sita zenye namba sita tofauti ni boksi la kawaida kabisa. Ambalo lingenifanya nikae sawa ni boksi ambalo chupa zote zina namba moja, na hata hilo linaweza kuwa bahati tu.

Chini ya chupa hizo hizo kulikuwa na maandishi mengine: 75 cl, kisha 63 mm. Mtu mmoja aliuliza kama 63 ni mwaka. Hapana. Ni umbali wa milimita kutoka mdomo wa chupa hadi pale waini inapopaswa kuishia ili iwe sentilita 75 kamili. Hii ndiyo namba ambayo mkaguzi wa kweli angeitumia, kwa sababu inapimika. Simamisha chupa ambayo haijafunguliwa, weka rula kuanzia mdomoni, tazama waini inaishia wapi. Joto huipandisha au kuishusha kidogo, kwa hiyo milimita chache si kesi. Lakini chupa tatu za boksi moja zikiwa na viwango vitatu vilivyopishana waziwazi, uliza nani alizijaza, maana mashine ya kujazia haina mkono unaotetemeka. Nilipima chupa mbili za mama mdogo. Zilikuwa sawa, tena karibu kabisa na 63.

Picha ya tatu ilikuwa ya lebo. Karatasi ilikuwa na mawimbi, kona moja imenyanyuka, na rangi ya nyekundu ilionekana nzito kuliko ya chupa ambayo mtu mwingine alidai aliinunua supamaketi. Yeyote aliyewahi kuhudhuria sendoff Mwanza anajua waini hupozwa vipi: beseni, barafu, maji, saa nne. Lebo ya karatasi iliyobandikwa kwa gundi ya maji ikilowa huvimba, hunyanyuka kona, na mwisho huelea kama jani. Huo ni ushahidi wa barafu, basi.

Kuhusu rangi, ndugu zangu, tuongee kwa uwazi. Picha ya supamaketi ilipigwa chini ya taa nyeupe. Ya kwenye sendoff ilipigwa chini ya taa za mapambo, zambarau na dhahabu. Simu zote mbili zilijirekebishia rangi zenyewe bila kumwuliza mtu, kisha WhatsApp ikazibana picha ili zipite haraka. Katika kubanwa huko, kinachopotea kwanza ndicho tunachokihitaji zaidi, yaani vitu vidogo. Lebo ya kiwandani ikitazamwa kwa lenzi ya kukuza huonyesha nukta za rangi zilizojipanga kwa mpangilio unaojirudia, au rangi iliyojaa bila nukta, na kingo za herufi ni safi. Lebo iliyotolewa kwenye printa ya steshenari huonyesha vinukta vilivyotawanyika ovyo, na kingo za herufi zina vumbi la wino. Tofauti hiyo ipo na inaonekana, lakini inahitaji picha iliyopigwa kwa karibu sana, kwenye mwanga wa mchana, na ikatumwa kama faili bila kubanwa. Kwenye ile picha ya tatu, herufi ndogo za chini ya lebo hazikusomeka kabisa. Watu tisa walitoa hukumu juu ya karatasi ambayo hawakuweza hata kuisoma.

Kuna aliyependekeza taa ya zambarau, ile ya kukagulia noti. Ni wazo la mtu aliyesoma mahali, ila amelileta kwenye kesi isiyo yake. Karatasi za kisasa nyingi hutiwa kemikali ya kung'arisha, na chini ya taa ile hutoa mwanga wa buluu. Kemikali hizo zilienea kwenye karatasi baada ya Vita Kuu ya Pili. Kwa hiyo chupa inayodai ni ya 1921, lebo yake ikiwaka buluu, imejishtaki yenyewe. Chupa ya 2019 ikiwaka buluu imesema tu kwamba karatasi yake ni ya kisasa, jambo ambalo hakuna aliyelipinga.

Picha ya nne ilikuwa ya mwaka. Chupa moja iliandikwa 2019, nyingine 2020. "Wameshindwa hata kukubaliana mwaka wa kughushi." Mwaka ulio kwenye lebo ni mwaka zabibu zilipovunwa. Mwenye duka anayeagiza maboksi mawili mwezi huu na mawili mwezi ujao atapata mavuno mawili, na hilo linaonyesha kwamba bidhaa inatembea. Waini nyingine tamu za bei nafuu hazina mwaka kabisa, kwa sababu zimechanganywa kutoka mavuno zaidi ya moja, na hilo nalo si kosa.

Lakini mwaka una shahidi, na shahidi huyo alikatwa nje ya picha. Waini hii ni ya Afrika Kusini. Kule, mzalishaji hawezi kuandika mwaka wa mavuno kwenye lebo kwa hiari yake tu. Lazima waini iidhinishwe, na angalau asilimia 85 yake iwe ya mwaka huo. Ikiidhinishwa hupewa mhuri wa karatasi, kipande chembamba kinachobandikwa shingoni, chenye namba. Kwa hiyo chupa ya Afrika Kusini yenye mwaka lakini isiyo na mhuri shingoni ina maswali ya kujibu. Chupa zote mbili nilizoshika zilikuwa na mhuri, na namba zake zilisomeka. Katika picha tano zilizotumwa, hakuna iliyoonyesha shingo. Walipiga utosi, wakapiga tumbo, wakapiga matako. Sehemu yenye jibu wakairuka.

Picha ya tano ilikuwa ya kizibo, kimelazwa kwenye kitambaa cheupe kama maiti. Shtaka: hakina jina la kiwanda. Tumeziona filamu ambamo mhudumu mwenye glavu anamkabidhi tajiri kizibo, na tajiri anasoma jina na mwaka vilivyochomwa ubavuni. Wazalishaji wa waini ghali hufanya hivyo kwa sababu wana cha kulinda. Waini za bei yetu mara nyingi huzibwa kwa kizibo cha chembe zilizosagwa na kugandishwa, au cha plastiki, kilichonunuliwa kwa maelfu bila jina, au chenye mchoro wa kawaida wa zabibu. Kizibo kisicho na jina, kwenye chupa ambayo aina yake haijawahi kuandika jina, hakithibitishi chochote. Ili kukitumia kama ushahidi unahitaji kizibo kingine cha waini hiyo hiyo na mavuno hayo hayo, ambacho chanzo chake unakijua. Hakuna aliyeleta.

Hapo ndipo ningeweza kuishia, nikatangaza kwamba mama mdogo hana hatia, nikapigiwa makofi. Lakini kuna jambo lililonikosesha usingizi jioni ile, na ndilo lililonifanya niandike.

Tuseme mama mdogo angekuwa mwizi kweli. Angefanyaje? Asingechapisha lebo. Lebo nzuri inahitaji karatasi, mashine na mtu wa kubuni. Asingetengeneza kioo chenye namba zilizochomoza, kwa maana hiyo ni tanuri na kalibu. Angefanya kitu rahisi zaidi: angenunua chupa tupu. Nyakato ina vijana wanaopita kwenye kumbi kila Jumapili asubuhi na viroba mgongoni. Chupa zinaoshwa na kuuzwa tena, na nyingi zinaishia kwenye kazi ya halali ya asali na mafuta ya alizeti. Nilimwuliza mmoja wao, kijana anayelala karibu na reli, kama wateja wote wanataka chupa za namna moja. Akacheka. "Bro, wapo wanaosema lebo isiguswe. Hao wanaongeza hela." Sikumwuliza wanaongeza ngapi. Sikutaka kujua zaidi ya hapo.

Chupa ya namna hiyo ikijazwa upya na kupigwa picha, lebo ni halisi. Namba za matakoni ni halisi. Mwaka uliochapwa ni halisi. Mhuri wa shingoni, kama haukuchanwa, ni halisi. Ingefaulu mashtaka matatu kati ya matano ya kundi letu, tena kwa alama za juu, na mawili yaliyobaki yangetatuliwa kwa kizibo cha dukani na mvuke wa birika. Majaji wetu wa picha wangeiachia huru na kuipendekeza kwa marafiki. Hili ndilo kosa langu kubwa na mtindo huu. Unamwonea mwenye duka, ndiyo, na wakati huo huo unampa mghushi cheti. Unamwonyesha atumie vitu halisi kwenye sehemu zinazotazamwa, kisha aweke uongo kwenye sehemu ambayo kamera haifiki.

Mojawapo ya kesi kubwa za waini ya kughushi duniani ilifanyika kwa njia hiyo hiyo. Rudy Kurniawan, kijana wa Indonesia aliyeishi California, alikuwa akiagiza waini za maelfu ya dola kwenye mgahawa wa New York, kisha anaomba arudishiwe chupa tupu. Wenzake walidhani ni mtu wa kumbukumbu. FBI walipoingia nyumbani kwake Arcadia mwezi Machi 2012, walikuta lebo kwa maelfu, vizibo, kofia za foili, mihuri ya mpira ya kugonga miaka, na chupa zikilowekwa ili lebo zitoke. Desemba 2013 mahakama ya Manhattan ilimtia hatiani, na mwaka uliofuata akafungwa miaka kumi. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, chupa zake zilikuwa zimepita kwenye minada mikubwa mbele ya macho ya watu wenye uzoefu.

Kilichomwangusha kwanza hakikuwa ubora wa karatasi wala mng'ao wa foili. Aprili 2008, mnada mmoja New York ulitangaza chupa za Clos Saint-Denis za Domaine Ponsot, baadhi zikiwa na miaka ya 1945 na kuendelea. Mwenye shamba, Laurent Ponsot, alipanda ndege kutoka Ufaransa kwenda kuzuia, kwa sababu alijua jambo moja dogo: familia yake haikuwa imetengeneza waini hiyo kabla ya miaka ya 1980. Lebo ingeweza kuwa nzuri kuliko ya baba yake mwenyewe, lakini mwaka uliochapwa juu yake haukuwezekana. Chupa ziliondolewa mnadani.

Kisa cha Ponsot kinatupa kanuni nzima ya kusoma chupa kwenye picha, na inatosha sentensi mbili. Picha inaweza kukanusha: ikionyesha kitu kisichowezekana, kama mwaka ambao waini hiyo haikuwepo, umepata jibu. Picha haiwezi kuthibitisha, kwa sababu kila kinachoonekana kwenye picha kinaweza kuwa halisi huku kilichomo ndani kikiwa cha jana usiku.

Najua jibu litakalokuja, maana nimeshapewa: "Bora tukosee kumshuku mtu kuliko watu wafe." Sina dharau na hofu hiyo. Nchi hii ilipiga marufuku pombe za viroba Machi 2017, na tangu 2019 inabandika stempu ya kodi ya kielektroniki kwenye vinywaji vikali na waini, kwa sababu magendo na bandia ni mambo ya kweli. Lakini hofu ya kweli inadai kipimo cha kweli. Kama unaogopa kunywa kitu kibaya, hofu hiyo inapaswa kukupeleka kwenye mdomo wa chupa. Ilikupeleka kwenye vitundu vya foili, ukaridhika, ukamwaga jina la mtu.

Kipimo chenyewe si kigumu. Kagua kabla ya kulipa, mbele ya muuzaji, si saa tatu usiku ukumbini. Kwanza stempu ya TRA: ipitishe kwenye programu ya Hakiki Stempu, ukikumbuka kwamba inajibu swali la kodi, na kwamba stempu iliyobaki kwenye chupa tupu bado ni stempu. Kwa hiyo tazama kama ni nzima. Kisha shingo: mhuri, na usawa wa waini kwa rula. Kisha fungua chupa moja kati ya ulizonunua, hapo hapo.

Na kizibo ukishakivuta, usisome jina tu. Kipime. Kizibo cha kawaida cha waini kina kipenyo cha milimita 24 kabla ya kuzibwa, na shingo ya chupa ndani ni kama milimita 18 na nusu. Mashine hukibana ili kiingie, nacho hukaa humo kikisukuma kioo. Kwa hiyo kizibo halisi hutoka kwa ubishi na mlio, kisha huvimba kidogo ukikiweka mezani, na ukijaribu kukirudisha kwa kidole hakikubali. Upande uliogusa waini umelowa au umepata rangi, na juu kuna tundu moja tu, lile ulilotoboa sasa hivi kwa kizibuo chako. Kizibo chenye njia mbili za kizibuo, au kinachoteleza kutoka kama kimepakwa mafuta, au kilicho kikavu na cheupe chini ilhali chupa inadai imelala miaka mitatu, kina la kueleza. Nilivuta vizibo vya chupa zile mbili jikoni kwa mama mdogo. Vyote vilitoka kwa shida, kila kimoja kilikuwa na tundu moja, rangi ya zambarau chini, na hakuna kilichokubali kurudi. Tukainywa. Ilikuwa tamu kupita kiasi, kama zinavyokuwa.

Na kwa kamati zote za harusi kuanzia Buzuruga hadi Igoma, jambo moja lisilo na gharama: sherehe ikiisha, chana lebo. Pitisha kisu juu yake, au funguo. Aliyekuja kuchukua chupa kwa ajili ya asali atazichukua tu, asali haihitaji jina la shamba la Afrika Kusini. Ninyi mnaopiga picha chupa ili kuwakomesha waghushi, mmewahi kujiuliza chupa zenu ishirini na nne zilikwenda wapi Jumapili asubuhi, zikiwa na lebo safi?

Niliandika haya yote kwenye kundi, kwa ufupi zaidi, siku ya nne baada ya hukumu. Watu wawili walituma dole gumba. Mmoja akaandika, "Noted, ila bora tahadhari." Aliyefunga mjadala saa 3:53 hakusema kitu. Ujumbe wake bado upo, na najua umesambazwa kwenye makundi mengine, kwa sababu binamu yangu aliye Geita alinitumia akiniuliza kama hilo duka ni la nyumbani kwetu. Maelezo yangu kuhusu kalibu na vitundu hayakumfikia mtu yeyote Geita.

Mama mdogo aliuza chupa zilizobaki kwa bei ya hasara kwa mtu wa baa aliyekuja mwenyewe, akafungua moja, akaonja, akalipa. Ile rafu ya juu sasa ina maji ya kunywa. Wiki iliyopita kamati moja ilipita kuulizia waini. Nilikuwa nimekaa pale mlangoni. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akafuta kaunta kwa kitambaa, akasema, "Wanangu, mimi nauza soda."